Karatasi, kadi au kidole: jinsi ya kuchagua njia ya kuchukua mahudhurio ya mafunzo

Mkaguzi wa hesabu huweza kuwatoa watu jasho kwa swali moja tu: kwa nini posho ya siku ya tatu imelipwa kwa watu 118 ilhali sahani za chakula cha mchana zilizotolewa siku hiyo ni 109? Hapo ndipo orodha ya mahudhurio, ambayo asubuhi ilikuwa karatasi ya kupitishwa haraka ili somo lianze, inapogeuka kuwa ushahidi, na hapo ndipo mratibu anapoanza kutamani mashine. Tamaa hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi hulipita swali linalotangulia, yaani ushahidi huo unatakiwa uthibitishe jambo gani, na mbele ya nani.

Njia tatu zinazoshindanishwa hazithibitishi jambo moja. Karatasi iliyosainiwa inathibitisha kwamba mkono wa mtu fulani uliandika kwenye mstari fulani. Kadi iliyogusishwa kwenye kisoma kadi inathibitisha kwamba kadi ilifika mlangoni saa fulani, bila kusema imeletwa na nani. Mashine ya alama za vidole inathibitisha kwamba kidole kinachofanana vya kutosha na kile kilichosajiliwa kiliwekwa juu ya kioo chake, na maneno hayo "vya kutosha" yamebeba mambo mengi, kama tutakavyoona. Hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha kwamba aliyeingia alibaki ukumbini mpaka somo likaisha.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mafunzo ya watu 120 yanayochukua siku tano, katika ukumbi wenye mlango mmoja, ambamo mahudhurio huchukuliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Kila mshiriki atajiandikisha mara kumi, kwa hiyo mwishoni kutakuwa na kumbukumbu 1,200. Posho hulipwa kwa siku ambazo mtu amehudhuria, na kwa sababu hiyo kuna mwenye faida ya kumsainia mwenzake. Muda nitakaoutaja kwa kila njia ni makadirio ya kupangia tu; anayepanga mafunzo yake mwenyewe afanye jaribio na watu kumi, apime kwa saa ya mkononi, kisha aweke namba zake mahali pa hizi zangu.

Foleni huzaliwa namna gani

Watu wengi hudhani kwamba urefu wa foleni hutegemea kasi ya kifaa peke yake. Kwa kweli hutegemea uwiano wa mambo mawili: idadi ya watu wanaofika kwa dakika na idadi ya watu wanaohudumiwa kwa dakika. Wanaofika wakiwazidi wanaohudumiwa, foleni hurefuka kila dakika inayopita, na haitaanza kufupika mpaka wimbi la wanaofika lipungue.

Washiriki hawafiki wakiwa wametawanyika sawasawa katika asubuhi nzima. Wengi huingia katika robo saa ya mwisho kabla ya somo kuanza. Tukisema wote 120 wamefika ndani ya dakika 15, mlango unapokea watu 8 kwa dakika. Sasa tuweke meza moja yenye karatasi moja. Mtu hufika, hutafuta jina lake, huchukua kalamu, husaini, pengine husalimiana na msimamizi, halafu huondoka. Sekunde 20 si nyingi kwa hayo yote. Meza hiyo inahudumia watu 3 kwa dakika. Wanafika 8, wanaondoka 3, kwa hiyo kila dakika foleni huongezeka watu 5, na baada ya robo saa wamesimama watu 75. Wa mwisho wao atasubiri dakika 25 ilhali somo limeshaanza. Mratibu akiona hivyo huhitimisha kwamba karatasi imemshinda.

Karatasi haijamshinda, meza moja ndiyo iliyoshindwa. Orodha hiyohiyo ikigawanywa katika meza nne kwa herufi za mwanzo za majina, uwezo unapanda hadi watu 12 kwa dakika, nao unazidi wale 8 wanaofika. Sharti ni kwamba mgawanyo uwe wa idadi ya watu wala si wa idadi ya herufi. Herufi M na A huweza kubeba theluthi nzima ya majina ya orodha, na mpangaji anayegawa alfabeti katika mafungu manne yenye herufi zinazolingana atakuta meza moja imezingirwa na nyingine msimamizi wake anapiga miayo. Ahesabu kwanza majina 30, aone yanaishia kwenye herufi gani, akate hapo.

Kadi hubadilisha hesabu kwa kiasi kikubwa. Kugusisha kadi, kusikia mlio na kupita huchukua kama sekunde 3, yaani watu 20 kwa dakika kwa kisoma kadi kimoja. Hata likija basi lililobeba watu 40 kwa mpigo, wa mwisho wao amepita baada ya dakika 2.

Mashine ya alama za vidole ndiyo yenye mtego. Katika maonyesho ya muuzaji, kidole huwekwa na taa ya kijani huwaka papo hapo, na mnunuzi hupiga hesabu yake kwa kasi hiyo. Mlangoni mambo ni mengine. Tuseme watu 114 wanapita kwa sekunde 5 kila mmoja, lakini 6 wanakataliwa, wanafuta kidole kwenye nguo, wanajaribu tena, wanabadilisha kidole, wanamwita msimamizi, na kila mmoja wao anatumia sekunde 40. Jumla ni sekunde 570 kwa wale wa kwanza na sekunde 240 kwa hao sita, yaani dakika 13 na nusu. Asilimia 5 ya watu wamekula karibu asilimia 30 ya muda wote, na mashine inahudumia watu wapatao 9 kwa dakika dhidi ya 8 wanaofika. Kwenye karatasi ya mpangaji inaonekana inatosha. Kwa vitendo, mlango unaofanya kazi karibu na ukomo wake hauna nafasi ya kumeza mshtuko wowote, na watu watano wakifika pamoja nyuma ya mmoja anayekataliwa, msongamano huo hauishi mpaka wimbi lote lipite.

Dawa yake ni ndogo, nayo inafaa pia kwa kadi: mwenye tatizo atoke kwenye mstari. Ikiwekwa kanuni kwamba mtu anajaribu mara mbili tu, kisha anakwenda meza ya pembeni kusaini karatasi, wale sita watatumia sekunde 10 kila mmoja badala ya 40, na mashine itapanda kutoka watu 9 hadi zaidi ya 11 kwa dakika. Meza hiyohiyo ya pembeni ndiyo itakayompokea aliyesahau kadi nyumbani. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulitaja: hakuna njia ya kielektroniki inayoifuta karatasi. Iliyopo ni ile inayopunguza idadi ya wanaopitia karatasini.

Kinachotokea ndani ya mashine ya vidole

Ili kuelewa kwa nini baadhi ya watu hukataliwa, inafaa kujua kwamba mashine nyingi za mahudhurio hazilinganishi picha mbili za kidole. Wakati wa usajili, mashine hutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inakatika au kugawanyika mara mbili, hurekodi mahali pa kila alama hiyo na uelekeo wake, kisha huhifadhi orodha ya namba tunayoweza kuiita kiolezo. Kila mtu anapokuja baadaye, kiolezo kipya hutengenezwa na kulinganishwa na kile cha zamani, na mashine hutoa alama ya ufanano. Kwa kuwa ngozi hubonyea tofauti kila siku, alama hiyo kamwe haiwi kamili. Mtengenezaji huweka kiwango, na ufanano ukikizidi, mtu hupita.

Kiwango kikiwekwa juu, wadanganyifu hupungua lakini wenye haki wanaokataliwa huongezeka. Kikishushwa, kinyume chake hutokea. Hakuna mahali pa katikati ambapo makosa yote mawili yanakwisha. Na hapa ndipo foleni na usahihi vinapogongana kimyakimya: asubuhi ya kwanza watu wanalalamika, fundi anaingia kwenye mipangilio, anashusha kiwango ili mstari usonge, na tangu hapo mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya ukali wake inafanya kazi kwa ulegevu ambao hakuna aliyeuandika popote.

Wanaokataliwa zaidi hawatawanyiki ovyo katika orodha. Ni mafundi wa ujenzi na wakulima ambao mistari ya vidole vyao imelika, ni wazee ambao ngozi imekauka na kulegea, ni wanaoshika saruji au sabuni kali kila siku. Mafunzo yakiwa ya watu wa ofisini, asilimia 5 niliyoikadiria huenda ikawa nyingi mno. Yakiwa ya waashi, itakuwa ndogo mno, na wengine hawatasajilika kabisa hata kwa kidole cha kumi. Jaribio la watu kumi lifanyike basi kwa watu wa aina ileile watakaokuja. Kulifanya kwa makarani wa ofisi ya mratibu hakumwambii mtu lolote.

Kuna tofauti nyingine inayofaa kuulizwa kabla ya kununua: je, mshiriki anajitambulisha kwanza, kwa namba au kadi, halafu kidole kinalinganishwa na kiolezo chake peke yake, au mashine inakilinganisha na violezo vyote 120 na kuamua yenyewe ni nani? Mashine ikiwa na uwezekano wa kukosea mara 1 katika ulinganisho 10,000, mgeni asiyesajiliwa anayejaribu bahati yake dhidi ya violezo 120 ana nafasi ya takribani 1.2 katika 100 ya kupokewa kwa jina la mtu mwingine. Akilazimika kutaja jina moja kwanza, nafasi hiyo inarudi kuwa 1 katika 10,000. Kujitambulisha huko kwanza huongeza sekunde mbili au tatu kwa kila mtu, na kwa mlango wetu ambao tayari umebanwa, sekunde hizo si kitu kidogo.

Udanganyifu una sura yake katika kila njia

Karatasi hudanganywa kwa urahisi zaidi pale ilipopangwa vibaya. Kosa la kawaida ni kuchapa ukurasa mmoja wenye safu tano, moja kwa kila siku. Mtu anayetaka kuondoka Jumatano husaini safu zote tano Jumatatu kwa kalamu moja na mkandamizo mmoja, na anayekagua baadaye huona mstari unaoteremka kwa utulivu usio wa kawaida: siku tano, wino uleule, mkono haukuchoka. Kosa la pili ni ukurasa mtupu ambao kila mtu anaandika jina lake, kwa kuwa mistari inayobaki chini huweza kujazwa jioni. Orodha ichapwe majina tayari, kila kipindi kiwe na ukurasa wake, ukurasa uondolewe mezani muda uliotangazwa ukiisha, na msimamizi apige mstari kwenye nafasi zilizobaki, aandike kwa maneno jumla ya waliosaini, kisha asaini mwenyewe.

Kadi hudanganywa kwa kuazimana. Hakuna haja ya utaalamu wowote. Rafiki hubeba kadi mbili. Ipo pia njia ya kitaalamu, kwa kuwa kadi nyingi za bei nafuu zinazofanya kazi kwa masafa ya 125 kHz hutangaza namba moja isiyobadilika kwa yeyote anayeisoma, na namba hiyo hunakiliwa kwenye kadi nyingine kwa sekunde chache. Kwa mafunzo ya siku tano, sidhani mtu atajisumbua kunakili kitu ambacho angeweza kukiazima.

Kuazimana huacha nyayo kwenye muda. Kadi mbili zikifuatana kwa sekunde 2 asubuhi moja, huenda marafiki wawili walitembea pamoja. Zikifuatana kwa sekunde 2 katika vipindi vyote kumi, mara zote kwa mpangilio uleule, na meza ya pembeni haijawahi kumwona mmoja wao, basi kuna swali la kuulizwa kwa adabu. Kupanga kumbukumbu kwa muda na kutafuta jozi kama hizo huchukua dakika chache katika lahajedwali, lakini nimeona waratibu wengi wanaotunza data hiyo bila kuitazama hata mara moja.

Vidole vinaweza kughushiwa pia. Mwaka 2002 mtafiti wa Kijapani Tsutomu Matsumoto na wenzake walionyesha kwamba vidole bandia vya jelatini vingeweza kuzihadaa mashine nyingi za wakati huo, na ingawa mashine bora za sasa hujaribu kutambua ngozi hai, zile za bei ya chini si za kutegemewa sana kwa hilo. Hata hivyo, mlangoni udanganyifu wa kawaida zaidi si wa jelatini. Ni mtu kusajiliwa kwa jina la mwingine siku ya kwanza, kwa kuwa anayesajili ana haraka na hadai kitambulisho. Tangu hapo mashine hushuhudia uongo huo kila siku kwa uaminifu kamili.

Kwa njia zote tatu kuna kipimo kimoja kinachotoka nje ya mfumo, nacho ni kuhesabu vichwa. Nusu saa baada ya somo kuanza, watu wawili wasiohusika na orodha wanahesabu waliokaa, kila mmoja peke yake, wanaandika idadi na saa, wanalinganisha. Orodha ikisema 118 na vichwa vikiwa 109, pengo limeonekana siku hiyohiyo, wakati kila mtu bado anakumbuka nani alitoka. Hesabu hiyo haigharimu zaidi ya dakika tano, na ndiyo pekee inayogusa swali la kubaki ukumbini ambalo mashine yoyote ya mlangoni haiwezi kulijibu.

Faragha: kinachobaki baada ya mafunzo kuisha

Kuna desturi ya kuiona karatasi kuwa haina madhara kwa faragha kwa kuwa haina umeme. Tazama lakini orodha ya kawaida inayopitishwa kutoka kiti hadi kiti: jina, mahali pa kazi, namba ya simu, namba ya kitambulisho, wakati mwingine hata namba ya akaunti ya benki kwa ajili ya posho. Watu 120 wanaishika, na yeyote kati yao anaweza kuipiga picha. Taarifa hizo zikusanywe mara moja wakati wa usajili, zitunzwe na mtu mmoja, na karatasi ya kila siku iwe na namba ya mshiriki, jina na nafasi ya sahihi tu.

Kadi huongeza jambo moja, yaani saa kamili ya kuingia, lakini ikipotea hufutwa na mtu kupewa nyingine. Kwa upande huu ndiyo njia nyepesi kuliko zote, mradi chipu iwe na namba tupu na jedwali linalounganisha namba na majina likae kwa mratibu.

Kidole hakina nyingine ya kubadilishia. Mwaka 2015 Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zilikuwa zimeibwa katika udukuzi wa mifumo yake. Watu hao wanaweza kubadilisha nywila zao zote, lakini vidole vyao ni vilevile. Wauzaji hujitetea kwamba mashine haihifadhi picha bali kiolezo, na hilo ni kweli kwa nusu yake, kwa sababu watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba kutoka kwenye kiolezo kisicholindwa inawezekana kutengeneza upya alama inayokubaliwa na mashine.

Ndiyo maana sheria nyingi za ulinzi wa taarifa binafsi huziweka taarifa za kibayometria katika kundi la taarifa nyeti: kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinafanya hivyo. Maamuzi yanayohusu mahudhurio hasa yamekwisha kutolewa. Mwaka 2019 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Sweden iliutoza faini uongozi wa elimu wa mji wa Skellefteå baada ya shule moja kujaribu kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22 kwa kamera za kutambua sura. Wazazi walikuwa wameridhia, lakini mamlaka ilisema ridhaa hiyo haikuwa huru kwa kuwa mwanafunzi yuko chini ya mamlaka ya shule, na mahudhurio yangeweza kuchukuliwa kwa njia isiyoingilia faragha kiasi hicho. Februari 2024 mamlaka ya Uingereza iliiamuru kampuni moja inayoendesha vituo vya michezo kuacha kutumia sura na vidole kuchukua mahudhurio ya wafanyakazi wake zaidi ya 2,000, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba wafanyakazi hawakupewa njia mbadala iliyo wazi.

Hoja hizo mbili zinamgusa mratibu wa mafunzo moja kwa moja. Mshiriki ambaye posho yake inategemea kuweka kidole hana uhuru mkubwa wa kukataa, na karatasi ya ridhaa aliyosainishwa mlangoni haibadilishi hali hiyo. Akipewa njia mbadala ya kweli, isiyomchelewesha wala kumtia aibu, basi mfumo wa pili lazima uwepo na ufanye kazi kila siku. Wala si lazima sheria zisomwe kwa woga. Swali zinaloliuliza ni lile ambalo mpangaji makini angejiuliza mwenyewe, kwamba kama karatasi na kuhesabu vichwa vinatosha, kidole kimechukuliwa kwa sababu gani?

Gharama kwa saa za kazi

Bei za vifaa hutofautiana mno, lakini saa za kazi zinahesabika popote. Meza nne za karatasi zinahitaji wasimamizi wanne kwa robo saa, yaani saa moja ya kazi kwa kila kipindi, na vipindi kumi ni saa 10. Kuingiza kumbukumbu 1,200 kwenye lahajedwali kutoka kwenye orodha iliyochapwa kwa mpangilio uleule wa lahajedwali huchukua kama sekunde 3 kila moja, yaani saa 1. Majina yakiwa yameandikwa kwa mkono na kila moja likahitaji kusomwa kwa kubahatisha na kutafutwa, sekunde 20 kila moja ni saa 6 na dakika 40. Tofauti hiyo yote imetokana na kuchapa majina, wala hakuna mashine iliyonunuliwa.

Kadi zinahitaji wasimamizi wawili, mmoja kwenye kisoma kadi na mwingine meza ya pembeni, kwa hiyo nusu saa ya kazi kwa kipindi, saa 5 kwa vyote. Kabla ya hapo kuna kutengeneza kadi 130, pamoja na kumi za akiba, na kuziunganisha na majina: kwa dakika 2 kila moja ni saa 4 na dakika 20. Jumla ni saa 9 na dakika 20 dhidi ya saa 11 za karatasi iliyopangwa vizuri. Kwa siku tano, tofauti ni ndogo kiasi kwamba bei ya kisoma kadi na kadi zenyewe inaimeza. Mafunzo yakiwa ya siku 20, karatasi inafika saa 44 na kadi saa 24 na dakika 20, kwa kuwa kazi ya kutengeneza kadi hailipwi tena. Kadi hupendelea mafunzo marefu, au kituo kinachozitumia tena kwa kila kundi jipya.

Vidole kwa saa za kazi havishindwi na kadi. Usajili wa dakika 1 kwa mtu, vidole viwili, huku mmoja akiendesha mashine na mwingine akikagua vitambulisho, ni saa 4, na mlangoni ni saa 5 zilezile. Saa 9 kwa jumla, wala hakuna kadi ya kusahauliwa. Lakini usajili huo unachukua saa 2 za asubuhi ya kwanza kwa mashine moja, na kuna kazi ya baadaye ambayo haimo katika hesabu hii: kutunza violezo, kujibu anayeuliza viko wapi, na kuvifuta.

Kwa mfano wetu basi, ningechagua karatasi iliyochapwa, meza nne, ukurasa mpya kila kipindi, na vichwa kuhesabiwa. Kama mafunzo yangekuwa ya wiki nne au zaidi, ningehamia kwenye kadi zenye picha ya mwenyewe, kwa sababu msimamizi anayetupa jicho kwenye picha huzuia kuazimana bila kuongeza zaidi ya sekunde moja. Kidole ningekifikiria pale tu ambapo cheti au leseni inayotolewa ina uzito wa kuhatarisha maisha ya watu kikipewa asiyehudhuria, na hata hapo ningetaka kiolezo kihifadhiwe ndani ya kadi ya mshiriki mwenyewe badala ya kwenye mashine, ili akiondoka na kadi yake awe ameondoka na kidole chake.

Anayechagua kadi au kidole ajaribu mambo matatu siku moja kabla. La kwanza ni kuzima umeme wa kifaa kwa saa moja na kuuwasha tena, kisha kutazama saa yake, maana betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, kumbukumbu zitaanza kuandikwa tarehe kama 01/01/2000 na hakuna mkaguzi atakayezikubali. La pili ni kusoma kadi moja na kuitazama namba yake ndani ya lahajedwali: iliyochapwa `0004587213` mara nyingi huingia kama `4587213`, kwa kuwa lahajedwali huondoa sifuri za mbele, na baada ya hapo kila utafutaji wa jina hurudi mtupu mpaka safu hiyo igeuzwe kuwa ya maandishi na namba ziingizwe upya. La tatu linahusu vidole peke yake. Msajili mtu mmoja, mfute kwa kutumia hatua zilizoandikwa na mtengenezaji, kisha mwambie aweke kidole tena. Akipokewa, mashine hiyo imefuta jina na kubaki na kiolezo, na ikiwa ilikodishwa, itakwenda nacho kwa mteja anayefuata.